Tutatapika saa nne

Kompyuta zetu za kazini hazijui Kiswahili. Zilipangwa kwa Kifaransa tangu dukani, na kibodi zake ni za Kifaransa: A imekaa mahali ambapo wengine wanatarajia Q, Z imekaa mahali pa W, na ili upate tarakimu ni lazima ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Programu ya kutengenezea slaidi nayo inakagua tahajia ya Kifaransa peke yake. Ukiandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, karibu kila neno linachorewa mstari mwekundu wa mawimbi, neno sahihi sawa na neno bovu. Siku za kwanza mistari ile inakutisha. Baada ya mwezi mmoja huioni tena, na hapo ndipo makosa ya kweli yanapopata mahali pazuri pa kujificha.

Ninaanza na mistari hiyo ili msomaji asidhani kwamba kosa la chapa, kwetu, ni alama ya uvivu. Ni kama matope ya msimu wa mvua kwenye barabara ya Vuhovi: kila apitaye anachafuka kidogo. Swali si nani amechafuka. Swali ni kama wenzake watamcheka au watacheka naye, na katika kazi yetu tofauti ya vitenzi hivyo viwili inaweza kuharibu siku nzima ya mafunzo.

Kazi yenyewe ni hii. Nikiwa bado nasoma, nafanya kazi katika shirika dogo la Butembo ambalo sitalitaja, na tunazunguka kwenye vituo vya afya kati ya Butembo na Beni, hasa upande wa Vuhovi, kuwafundisha reko. Reko ni wanakijiji wanaojitolea kuwa kiungo kati ya kituo cha afya na kaya: wanahesabu watoto, wanakumbusha siku za chanjo, wanaeleza jinsi ya kunawa mikono na kupika uji wa mtoto aliyekonda. Waliosoma udaktari na uuguzi walisoma kwa Kifaransa. Reko wanataka Kiswahili, na wakichoka wanarudi kwenye Kinande. Kwa hiyo kila diapo (hivyo ndivyo tunavyoziita slaidi kazini) imepita katika kichwa kinachofikiri kwa Kifaransa, kibodi ya Kifaransa na vidole vya Mnande, kabla ya kutua kwenye shuka jeupe lililofungwa ukutani. Ni ajabu kwamba tunaelewana.

Mwenzangu wa kazi ni mkubwa kwangu kwa miaka sita hivi, nami namwita Yaya kama mtu yeyote wa kwetu anavyomwita aliyemtangulia kuzaliwa. Yeye ananiita mdogo wangu. Anajua kazi yake kuliko wote ninaowafahamu, ana sauti inayofika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti, na anatengeneza diapo usiku wa manane, jenereta ya jirani ikiwa karibu kuzimwa.

Asubuhi moja tulikuwa na reko thelathini na kitu, wengi wao akina mama, pamoja na muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita tituleri. Yaya alikuwa akieleza ratiba ya siku, mgongo wake ukiwa kwenye shuka na uso wake kwa watu. Katikati ya ratiba paliandikwa hivi: "Saa nne: tutatapika uji pamoja na wamama."

Hapa naomba ruhusa ya kuwa mwanafunzi wa lugha kwa aya moja, maana kosa hili ni zuri mno kupitwa. Alichotaka kuandika ni "tutapika": tu, ta ya wakati ujao, halafu pika. Alichoandika ni tu, ta, halafu tapika. Silabi moja imejirudia, na sentensi haikuvunjika. Imehamia tu kwenye kitenzi kingine, ikiwa na nafsi sawa, wakati sawa na mtendwa sawa. Hata kompyuta inayojua Kiswahili isingechora mstari wowote hapo, kwa sababu hakuna neno lililokosewa. Baadaye Yaya alinieleza ilivyotokea: kwanza aliandika "tutaandaa uji", akaona "andaa" ni neno la barua, akalifuta, ikabaki "tuta". Simu ikalia. Aliporudi, kidole kilianza upya kutoka kwenye "ta". Makosa mengi ya chapa yanayochekesha yanazaliwa hivyo, katika kusahihisha. Mshono wa sahihisho ndio unaoachia uzi.

Watu walianza kusoma. Unaijua ile sauti ya ukumbi unaosoma kitu ambacho msemaji hajakiona: viti vinalia kidogo, mtu anamgusa jirani yake kwa kiwiko. Nilikuwa nimeketi pembeni karibu na kompyuta. Nilikuwa na mambo mawili ya kupima, na muda wa kuyapima ulikuwa mfupi.

La kwanza ni kwamba kutapika, Vuhovi, si neno la kuchekea ovyo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulipita hapa. Zoni ya afya ya Vuhovi ilikuwa mojawapo ya zile zilizoguswa. Kwa jumla, katika nchi, watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 walikufa. Kutapika kulikuwa moja ya dalili tulizokuwa tukizitaja mlango kwa mlango, na katika ukumbi ule walikuwepo watu waliozika ndugu zao kwa mbali, bila kuwagusa. Tena katika miaka ile wahudumu wa afya walishukiwa kwamba wao ndio waliouleta ugonjwa. Sasa mhudumu wa afya anaandika kwamba saa nne watatapika pamoja na akina mama. Mzaha ukielekea kwenye ugonjwa, hakuna atakayecheka. Watakaocheka watajuta, na Yaya atabeba lawama ya sentensi ambayo hakuikusudia.

La pili ni kwamba kukaa kimya hakukumsaidia. Kama angeendelea kuzungumza huku watu wakizuia kicheko, angegundua kwa kugeuka, peke yake, akiwa amechelewa kuliko wote. Sijui aibu mbaya kuliko ile ya kuwa mtu wa mwisho kuona.

Nikangoja avute pumzi, nikasema kwa sauti ya kawaida:

"Yaya, samahani. Huo uji, ni nani atapika?"

Akageuka. Akasoma. Ukumbi mzima ulimwona akisoma, na hiyo ilikuwa sekunde ndefu. Kisha akawarudia watu, uso mkavu kabisa:

"Ni mimi nitapika. Njo maana nimewaonya mapema."

Mama mmoja wa safu ya mbele, mtu mzima, akapaza sauti: "Basi kila mtu alete beseni yake!" Hapo ukumbi ukaanguka. Tituleri alicheka mpaka akavua miwani. Yaya akafuta silabi moja mbele ya wote, herufi mbili, akaendelea na saa tano.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi kuliko linavyostahili, nikijiuliza kwa nini lilifanya kazi. Naona lilikuwa na sifa mbili, na zote ni za kisarufi zaidi kuliko za moyo. Kwanza, halikumlenga mwandishi. Liliichukua sentensi kama ilivyoandikwa, likaiamini, likauliza swali linalofuata. Kama sentensi inasema watu watatapika uji, basi mtu mwenye akili anauliza habari za mpishi. Ebola haikupata nafasi, kwa sababu kiini cha swali kilikuwa sufuria. Pili, lilikuwa swali kweli, lenye nafasi tupu baada yake, na nafasi ile ilikuwa ya Yaya. Kichekesho kikubwa cha asubuhi ile ni jibu lake, wala si swali langu. Nimewasikia watu wakitania kwa sentensi iliyokwisha: "Yaya, leo umetuua na diapo yako." Baada ya hapo mtaniwa anaweza kufanya nini? Ameachiwa kuomba radhi au kununa. Ukisema "Wewe Kiswahili hukijui?" umemwachia kidogo zaidi, maana umetoka kwenye sentensi ukaingia kwenye mtu, na swali lako halitaki jibu.

Wazee wetu wa taaluma wameandika sana juu ya utani. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, alieleza uhusiano ambao mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake hapaswi kukasirika. Wasomaji wa Tanzania wataukumbuka utani wa makabila, na sisi sote tunamjua babu anayemwita mjukuu wake mke au mpinzani. Lakini kazini hatuna mkataba wa namna hiyo. Hakuna ukoo ulionipa haki ya kumtania Yaya. Tena mimi ni mdogo, na mdogo anayemchekesha mkubwa mbele ya watu anatembea juu ya ukingo. Ruhusa yangu ilitoka mahali pa kawaida sana: usiku uliotangulia nilibeba jenereta pamoja naye, na reko wote walituona tukifunga shuka lile ukutani. Aliyeshika upande mmoja wa shuka anaweza kuuliza swali juu ya kilichoandikwa juu yake. Mgeni asingeweza.

Hilo lilionekana majuma machache baadaye. "Kutapika" lilikuwa limekwisha kuwa neno letu la siri. Saa sita ikikaribia, mmoja wetu anauliza, "Leo tunatapika wapi?", na tunaenda kutafuta sombe na fufu. Yaya mwenyewe ndiye aliyelitumia zaidi. Siku moja alikuja mgeni kutoka kwa wafadhili, mtu mwenye daftari. Mwenzetu mwingine, kwa nia njema kabisa, akitaka kumfurahisha, akasema kwa Kifaransa mbele ya meza nzima kwamba Yaya ni yule aliyewaalika akina mama kutapika. Mgeni akatabasamu bila kuelewa. Yaya naye akatabasamu, halafu akaeleza: lilikuwa kosa la chapa, silabi ilijirudia, lilirekebishwa papo hapo, mafunzo yaliendelea vizuri.

Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa zito kama taarifa ya polisi. Kuna utafiti unaonisaidia hapa. Mwaka 1987 Paul Drew alichapisha uchambuzi wa mazungumzo ya Kiingereza yaliyorekodiwa, akiangalia watu wanajibu nini wanapotaniwa. Aligundua kwamba mara nyingi sana mtaniwa anajibu kwa uzito: anasahihisha, anaeleza ukweli ulivyo, hata pale anapoonyesha kwamba ameutambua utani, hata anapocheka. Nilipousoma mara ya kwanza nilishangaa, kwa sababu nilidhani kicheko ndicho kipimo. Drew ananionya kwamba kicheko peke yake hakinielezi kitu. Mtu anaweza kucheka kwa mdomo na kujitetea kwa sentensi ileile.

Kwa hiyo sasa nasikiliza kinachokuja baada ya maelezo. Kujieleza kidogo ni haki ya kila mtaniwa, na hakumaanishi kwamba ameumia. Kama baada ya kujieleza anarudi mchezoni, anaongeza lake, anaipeleka sentensi mbele hatua moja, basi utani bado ni wa watu wawili. Kama anaeleza, halafu anaeleza tena kwa maneno mengine, halafu anageukia kazi, ujue mlango umefungwa. Pale mezani Yaya alieleza mara mbili. Mimi nikamuuliza mgeni kama barabara ya Butembo ilimpokea vizuri, na barabara ile ina habari za kutosha kujaza mlo mzima. Tulipobaki wawili hatukulizungumza. Lakini niliona kwamba neno letu la chakula lilipumzika kama juma moja, likarudi siku Yaya mwenyewe aliposema, akiwa na njaa, "Mdogo wangu, hatutapiki leo?" Mwenye kosa ndiye aliyelifungua tena. Nafikiri ilikuwa sawa kungoja.

Sasa nije kwenye kosa ambalo halitaniwi, nalo ndilo linalowagusa zaidi watu wa kitivo chetu.

Katika kituo kimoja muuguzi wa makamo alipewa nafasi ya kueleza jinsi ya kumpakata mtoto wakati wa kunyonyesha. Hakuwa na kompyuta. Aliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa: "Mama aveve mtoto vizuri." Kijana mmoja aliyesomea mbali na kwetu akaanza kucheka, akasoma kwa sauti, akiivuta ile v: "aveeeve!" Wachache wakacheka pamoja naye. Mama yule hakucheka, na jambo lililoniuma ni kwamba hakujua anachekwa kwa nini. Aliitazama karatasi yake akitafuta kosa, wala hakuliona.

Hakuliona kwa sababu, kwake, halikuwepo. Kinande kina sauti inayotolewa kwa midomo miwili kukaribiana bila kufunga kabisa. Kati ya herufi tulizopewa hakuna inayoitosha, na ndiyo maana kuna wanaoiandika b na kuna wanaoiandika v: utaona Bayira na utaona Vayira, na ni watu walewale, ni sisi. Baada ya m, sauti ileile inakuwa b kamili. Mnande aliyezoea kuiandika kwa v akikutana na "abebe" ya Kiswahili anasikia sauti yake ya nyumbani, na mkono unaandika kile ambacho umeandika maisha yote. Kuna mpango ndani ya kosa lile, na ukiujua unaweza kutabiri neno lingine litakaloandikwa hivyo kabla ya karatasi kugeuzwa.

Pit Corder aliliweka jambo hili wazi mwaka 1967, katika makala fupi juu ya makosa ya wanaojifunza lugha. Alitenganisha mteguko wa bahati, ambao mwenyewe anaweza kuusahihisha akiuona, na kosa la mfumo, linaloonyesha hatua ambayo ujuzi wake umefikia. Alikuwa akiwafikiria walimu. Sidhani kama alifikiria utani. Lakini mpaka wake ndio ninaoutumia. "Tutatapika" ni mteguko: mwonyeshe Yaya, naye atacheka kwa sababu anakiona unachokiona. Yeye na wewe mmesimama upande mmoja mkiitazama sentensi. "Aveve" ni mfumo: ukicheka, unasimama upande wako peke yako, na yeye anabaki upande wa pili akiwa na lugha ya mama yake mkononi. Kipimo chake ni chepesi, nacho kinafanyika kabla ya kufungua mdomo: je, mwenzangu akiambiwa tu "soma tena", ataliona? Kama jibu ni ndiyo, kuna nafasi ya utani. Kama ni hapana, hapo pana kazi ya kufundisha, na kufundisha kunafanyika pembeni, au hakufanyiki kabisa kama maana imefika. Pale maana ilikuwa imefika. Akina mama wote walijua kubeba mtoto ni kufanya nini.

Namna Yaya alivyoliokoa jambo lile sikuifikiria mimi. Alisimama akasema kwa Kinande neno moja la salamu kwa mama yule, kisha kwa Kiswahili: "Asante, mama. Mama abebe mtoto vizuri. Sasa tuonyeshe, tuone anavyombeba." Akampa mwanasesere wa kitambaa. Mama akaonyesha, mikono yake ikijua kila kitu. Karatasi haikusahihishwa, na kijana yule akapewa kazi ya kushika kichwa cha mwanasesere, ambayo aliifanya vibaya, na hapo ukumbi ulipata cha kuchekea kihalali.

Niongeze kwamba namna zetu za Kiswahili, "iko chafu", "bantu", "kitabu yangu", nazo mara nyingi zinachekwa na waliotoka kusoma Dar es Salaam au Kampala. Katika tasnifu nitaandika "watu". Kwenye diapo ya reko sijaamua. Lakini kumtania mtu kwa "bantu" ni kumtania kwa mahali alipozaliwa, na sijawahi kuona mtu akicheka kwa hilo mpaka mwisho.

Kosa la tatu ni la tarakimu. Usiku mmoja kabla ya mafunzo ya kunawa mikono tulikuwa tukipitia diapo pamoja, kama tulivyokuwa tumezoea kufanya tangu siku ya uji. Kwenye ukurasa wa maji ya klorini palisomeka: mikono, 0,5%; sakafu na vifaa, 0,5%. Mstari mwekundu haukuwepo. Mashine hazichori mstari chini ya namba. Lakini mikono inanawishwa kwa 0,05%, na ile ya 0,5% ni ya sakafu, vifaa na mahali palipochafuliwa. Sifuri moja tu imeanguka, kama silabi moja ilivyozidi kule kwingine, na maji yamekuwa makali mara kumi. Anayenawa nayo kila siku ngozi itawashwa na kupasuka, ataacha kunawa, na ataiambia kaya yake kwamba dawa ya kituo inachoma. Ukikosea upande wa pili, ukamwaga 0,05% juu ya sakafu penye matapishi ya mgonjwa, utadhani umeua vijidudu na hujaua.

Kwa kipimo cha Corder huu ni mteguko kamili. Yaya anazijua namba hizo kuliko jina la mtaa wake. Kama ningesema "soma tena" angeliona mara moja. Hata hivyo sikutania, kwa sababu utani una tabia moja: unalifanya kosa likumbukwe jinsi lilivyokosewa. Ukumbi ule wa kwanza mpaka leo unakumbuka "tutatapika", na hakuna madhara, maana hakuna mtu atakayetapika kwa sababu ya kukumbuka. Lakini reko akiondoka na 0,5 kichwani kwa sababu ndiyo iliyomchekesha, kicheko kimefanya kazi ya ualimu upande usiofaa. Nikaweka kidole kwenye skrini, nikasema, "Yaya, sifuri." Akasema, "Aksanti," akaandika.

Asubuhi nilikuta amefanya zaidi. Asilimia alizihamisha chini, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya tituleri. Juu aliandika kwa maneno matupu: kwa mikono, kijiko kimoja cha mezani cha klorini ya unga katika ndoo ya lita ishirini, kwa sakafu na vifaa, vijiko kumi katika ndoo kama hiyo. Hesabu inakubali. Unga wetu una klorini asilimia sabini hivi, kijiko kimoja kina gramu kama kumi na tano, hivyo lita ishirini zinapata gramu kumi na nusu za klorini, yaani nusu gramu kwa lita, na hiyo ndiyo 0,05%. Hakuna tarakimu hata moja katika sentensi zile mbili, na "kijiko kimoja" hakiwezi kugeuka "vijiko kumi" kwa kidole kuteleza.

Nilimuuliza kwa nini ameandika yote kwa herufi. Alikuwa akifunga shuka upande wake, mimi nikiwa nimeshika upande wangu. Akasema kitufe cha sifuri kwenye kompyuta yake kimechoka, kinahitaji chakula. "Kipikie uji," nikamwambia. Akasema atakipikia, lakini saa nne.